Hatari Kidogo Kuliko

Tangu astaafu ualimu, Dorice alikuwa akiishi kwa sentensi za watu wengine. Zilimfikia kwa Kiingereza kwenye kompyuta yake, akazigeuza kuwa Kiswahili, akazirudisha zilikotoka, na mwisho wa mwezi akalipwa. Nyingi zilikuwa za afya: chanjo, malaria, uzazi wa mpango, namna ya kunawa mikono. Lililokuwa likimpa kazi hiyo ni shirika moja lenye ofisi Dar es Salaam, ambalo watu wake hakuwahi kuwaona. Baadaye aliyasikia maneno yake yakisomwa kwenye redio ya mjini Mpanda, na sauti ya msomaji ilimfanya ayaone mageni, kama nguo yako ukiiona imevaliwa na mtu mwingine.

Aliishi Makanyagio, mjini humohumo, katika nyumba aliyojenga na mumewe, Fortunatus, aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Fortunatus alikuwa amefariki. Mtoto wao wa pekee, Jeniffer, alikuwa Arusha, akifanya kazi mapokezi kwenye hoteli ya watalii. Nyumba ilibaki na vyumba vilivyofungwa na kimoja kilicho wazi, kile chenye meza na kompyuta. Asubuhi Dorice alivuka barabara kwenda kwenye duka la jirani yake, Zubeda, kununua mkate au sukari. Walijuliana hali. Zubeda alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini wateja nao walikuwa wengi, na Dorice hakupenda kusimama njiani mwa watu. Alirudi ndani. Kuna siku ambazo salamu hiyo ya dukani ndiyo ilikuwa mazungumzo yake yote mpaka kesho yake.

Alipokuwa akifundisha Kiswahili sekondari, wanafunzi walimjua kwa jambo moja: hakuvumilia Kiingereza kilichovaa kanzu. Ukiandika kwenye insha kwamba bei za vitu zinapanda zaidi na zaidi, alikata kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake, "zinazidi kupanda". Ukiandika kwamba zaidi unavyosoma, zaidi unavyoelewa, alikuita mbele na kukuuliza kama bibi yako anaongea hivyo.

"Bibi yako angesemaje?"

"Kadiri unavyosoma, ndivyo unavyoelewa, mwalimu."

"Basi mbona unajua? Kaa chini."

Aliwafundisha kwamba Kiswahili hakihitaji kuongeza neno kwenye sifa ili kulinganisha. Mrefu ni mrefu. Ukiweka "kuliko" na yule unayemlinganisha naye, kazi imekwisha: Asha ni mrefu kuliko Neema. Wakilingana, ni "kama". Akiwapita darasa zima, ni mrefu kuliko wote. Na "zaidi ya" aliwaambia waitumie kwa uangalifu, hasa kwenye hesabu, kwa sababu ina nyuso mbili. Ukisema "alikula wali zaidi ya ugali", mmoja ataelewa kwamba wali ulikuwa mwingi na ugali kidogo. Mwingine ataelewa kwamba juu ya ugali aliongeza na wali.

Hayo yote aliyajua. Hakuyasahau hata siku moja. Lakini kujua kitu ni jambo moja, na kukaa mwaka baada ya mwaka peke yako mbele ya kioo chenye Kiingereza upande wa kushoto na nafasi tupu upande wa kulia ni jambo jingine. Maneno ya kushoto yalikuwa yakimvuta. Neno kwa neno, alianza kuyafuata yalivyopangwa, na hapakuwa na mtu ndani ya nyumba wa kumwambia, "Hebu rudia, sijakuelewa."

Mvua za mwaka huo zilipokolea, kipindupindu kiliingia kwenye vijiji vya ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Shirika lilimtumia Dorice tangazo la haraka. Lilitakiwa kusomwa redioni kesho yake, asubuhi na jioni. Lilikuwa na maelezo ya dalili, ya kunawa mikono, ya vyoo, na sehemu moja kuhusu maji. Sehemu hiyo ilikuwa ikiwaeleza watu kwamba maji yoyote yachemshwe au yatiwe dawa, lakini anayelazimika kuchagua achote kwenye visima virefu vya pampu, maana hatari yake ni ndogo ukilinganisha na maji ya ziwa.

Dorice alikuwa na mafua. Aliandika:

"Maji ya visima virefu ni hatari kidogo kuliko maji ya ziwa. Hata hivyo, maji yote yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywa."

Ile sehemu ya kuchagua aliifupisha, kwa sababu tangazo lilikuwa na kikomo cha sekunde. Alisoma mara moja kwa macho, akaona kila neno la Kiingereza limepata mwenzake, akatuma. Kisha akanywa chai ya tangawizi na kulala.

Baada ya wiki hivi, Yotham, msimamizi wa vipindi pale redioni, alimpigia simu.

"Mama Jeni, shikamoo. Uko nyumbani?"

"Marahaba. Niko. Kuna nini?"

"Bwana afya wa Karema, kule ziwani, amenipigia. Anaitwa Pontien. Anasema kwake watu wameacha kisima cha pampu, wanachota ziwani. Akiwauliza, wanasema redio imesema."

"Redio imesema nini?"

"Kwamba maji ya kisima ni hatari kidogo kuliko ya ziwa."

"Ndiyo, ndivyo ilivyo. Kisima hakina hatari kubwa."

Yotham hakumbishia. Alikuwa mtu mpole, na heshima yake kwa Dorice ilikuwa ya kweli, kwani aliwahi kuwa mwanafunzi wake.

"Mama, hebu isome tena ile sentensi. Isome kwa sauti."

Dorice aliisoma kwa sauti, simu ikiwa sikioni. "Maji ya visima virefu ni hatari kidogo kuliko maji ya ziwa." Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo, kwa kuwa tangu asubuhi hakuwa ameitumia. Na alipoisikia sentensi hiyo ikitoka kinywani mwake badala ya kuiona kwenye kioo, alielewa. Ukimwambia mtu kwamba Asha ni mrefu kidogo kuliko Neema, Asha ndiye mrefu. Amempita Neema, ila si kwa sana. Kwa hiyo maji yaliyo hatari kidogo kuliko ya ziwa ni maji yanayoyashinda ya ziwa kwa hatari. Alikuwa ametangazia mkoa mzima kinyume cha alichotumwa.

"Yotham," alisema.

"Naam, mama."

"Zuieni hilo tangazo."

"Nimeshalizuia. Pontien anakwenda na gari la dawa kesho, linapitia hapa mjini. Nimemwambia kama ungependa, nafasi ipo."

Hakuwa ametoka Mpanda tangu mazishi ya mumewe. Alisema atakwenda.

Barabara ya Karema ilikuwa imeharibiwa na mvua. Walipita Kabungu asubuhi, wakaingia kwenye pori la miombo, dereva akikwepa makorongo na Pontien akishikilia maboksi yasianguke. Pontien alikuwa kijana mnene mwenye kuongea taratibu. Alimwita Dorice mwalimu, ingawa Dorice hakuwahi kumfundisha. Njia nzima Dorice alitaka kumuuliza swali moja na hakuweza. Walipoanza kuliona ziwa kwa mbali, jeupe chini ya mawingu, aliuliza.

"Kuna waliokufa?"

"Wapo, mwalimu."

"Kwa sababu ya maji ya ziwa?"

Pontien alitazama mbele. "Siwezi kukuambia hivyo. Wengine walikuwa wanakunywa ya ziwa tangu zamani. Wengine waliupata ugonjwa kwenye chakula cha msibani. Kujua nani aliupatia wapi, hakuna anayeweza."

Alikuwa akisema kweli, lakini ukweli huo haukumpa Dorice mahali pa kukaa. Kama angemwambia ni yeye, angelia. Kama angemwambia si yeye, angepumua. Sasa alibaki katikati.

Kisima cha pampu kilikuwa juu kidogo ya kijiji, si mbali na majengo ya zamani ya misheni. Hapakuwa na mtu. Pampu ilikuwa nzima, na majani yalikuwa yameanza kuota kwenye njia ya kwenda pale. Chini ufukweni, wanawake walikuwa wakichota kwa ndoo kati ya mitumbwi, na wengine walianika dagaa hatua chache tu kutoka majini.

Pontien alimpeleka kwa mwanamke anayeitwa Raya, mfanyabiashara wa dagaa, kwa kuwa wanawake wa upande ule walikuwa wakimsikiliza. Walimkuta ameketi barazani kwake, amejifunga kanga nyeusi. Mumewe, Abdillah, alikuwa ndani amelala. Alikuwa ametoka kwenye kambi ya wagonjwa siku chache nyuma na bado hakuwa na nguvu za kusimama. Mama yake Abdillah hakutoka kambini akiwa hai. Alizikwa wiki ile.

Dorice alitoa pole. Alipewa kiti. Pontien akaingia ndani kumwona mgonjwa, wale wanawake wawili wakabaki.

"Nimekuja kuhusu tangazo la redio," Dorice alisema. "Lile la maji. Nataka unieleze ulivyolisikia."

"Nililisikia vizuri tu. Walisema maji ya kisima ni hatari kidogo kuliko ya ziwa."

"Ukaelewaje?"

Raya alimtazama kama mtu anayeulizwa rangi ya kanga aliyoivaa. "Si kwamba ya kisima yamezidi? Kidogo, lakini yamezidi. Tukasema basi, kule kisimani ni mbali, kuna foleni, na yenyewe ndiyo mabaya. Tukarudi ziwani."

"Mlichemsha?"

"Siku zenye kuni tulichemsha. Mvua hii, kuni zote zimelowa."

Dorice alishusha macho. Alikuwa amejiandaa kusema kwa mpangilio, kama anavyoandika, lakini kilichomtoka kilikuwa kifupi.

"Mimi ndiye niliyeandika."

"Uliandika wewe?"

"Ndiyo. Nilitaka kusema kisima ni salama kuliko ziwa. Nikakosea."

Raya hakupandisha sauti. Aliuliza, kwa mshangao wa kweli, "Lakini dada, mbona unaongea vizuri tu?"

Dorice angeweza kumweleza kuhusu Kiingereza, kwamba wenzetu wale wana neno la kusema kitu kimepungukiwa sifa kuliko kingine, na Kiswahili hakina neno hilo, kina njia nyingine. Kwamba yeye alichukua "kidogo" akaiweka pale ambapo neno lile la kigeni lilikuwa limekaa. Lakini swali la Raya halikuwa la sarufi. Alikuwa akiuliza, mtu anayeongea hivi anaandikaje vile? Na jibu lake Dorice alilijua: alipokuwa akiandika hakuwa akiongea na mtu.

"Wewe ungesemaje?" aliuliza mwishowe.

"Kuhusu maji?"

"Ndiyo. Kama ungekuwa unamwambia shemeji yako."

Raya alifikiri. "Ningesema maji ya kisima si hatari kama ya ziwa. Chota kisimani. Basi."

Si hatari kama. Dorice aliirudia midomoni. Hapo hapakuwa na upande wa pili wa kuangukia.

Walikaa barazani mpaka jua lilipoinama. Majirani wengine walikuja kutoa pole na wakabaki, na Dorice akatoa tangazo lake lote na kuwasomea kipande kwa kipande, akiwauliza wameelewa nini. Ilikuwa kazi ya aibu. Aliwasomea kwamba mgonjwa apewe maji ya chumvi na sukari zaidi ya uji. Mwanamke mmoja mzee akasema, "Kwa hiyo uji kwanza, halafu maji juu yake," na mwingine akasema hapana, maana yake maji yawe mengi, uji kidogo. Walibishana. Dorice akaandika upya: mpe maji ya chumvi na sukari mara kwa mara, uji kidogo unaweza kufuata.

Kisha akasoma kwamba mtu akiharisha zaidi ya mara tatu kwa siku apelekwe kituoni.

"Mama mkwe alipofika ya tatu," Raya alisema, "tulisema tungoje ya nne."

Hakusema kwa kulaumu. Alikuwa akieleza tu jinsi siku ile ilivyokwenda. Kiingereza kilikuwa kimesema tatu au zaidi. Dorice alikuwa ameandika zaidi ya tatu, na tofauti yake ilikuwa mara moja tu, na saa ambazo mgonjwa alingojeshwa. Kalamu ilisimama mkononi mwake. Alisubiri mtu aseme jambo, lakini wanawake walikuwa wakimsubiri yeye. Akaandika "mara tatu au zaidi", akaendelea kusoma.

Pontien aliporudi kutoka kwa wagonjwa wengine alisema tangazo jipya litasomwa na Yotham kesho asubuhi, na yeye mwenyewe atapita na kipaza sauti kijijini. Raya alisema hahitaji kipaza sauti. Alichukua ndoo, akawaita wawili kati ya wale majirani, wakapanda kwenda kisimani mbele ya macho ya kila mtu.

Dorice alilala kwenye nyumba ya wageni ya misheni. Kabla giza halijaingia alitoka kutafuta mtandao, akaupata karibu na ukuta wa makaburi, akampigia Jeniffer. Alitaka mtu wa kumwambia. Hakutaka kuhukumiwa wala kusamehewa. Alitaka tu maneno hayo yatoke kwake yaende kwa mtu anayemfahamu.

Jeniffer alipokea akiwa na haraka. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na masanduku yenye magurudumu.

"Mama, uko poa?"

"Niko Karema, mwanangu. Nimekosea kazini. Nimeandika 'hatari kidogo kuliko', na watu wameelewa kwamba..."

"Mama, subiri. Karema? Unafanya nini Karema na kipindupindu hiki?"

"Ndiyo nakueleza. Unajua 'kidogo' ikitangulia 'kuliko', maana yake inageuka. Na 'zaidi ya' nayo..."

"Mama." Sauti ya Jeniffer ilikuwa imechoka. "Hujanipigia mwezi mzima. Hujaniuliza naendeleaje. Nimeumwa, nimehama nyumba, hujui. Ukipiga, ni 'kuliko' na 'zaidi ya'. Kusema kweli, unakipenda Kiswahili kuliko mimi."

Dorice alikuwa amechoka pia, na kichwa chake kilikuwa bado barazani kwa Raya. Alimkumbuka Jeniffer wa shule, aliyekuwa akikimbia vitabu vya Kiswahili na kusoma hadithi za Kiingereza chini ya shuka.

"Hilo ni kweli," alisema. "Nakipenda kuliko wewe. Tangu ulipokuwa mdogo ilikuwa hivyo."

Hakusikia jibu. Alidhani mtandao umekatika. Halafu akasikia bado zile kelele za masanduku, na pumzi ya mwanawe.

"Sawa, mama," Jeniffer alisema. Simu ikakatwa.

Alisimama pale ukutani simu ikiwa bado sikioni. Siku nzima alikuwa ameisoma sentensi moja kwa masikio ya watu wengine, kwa hiyo hii haikuchukua muda. Unakipenda Kiswahili kuliko mimi. Yeye alisikia: kuliko ninavyokipenda mimi. Jeniffer alikuwa amesema: kuliko unavyonipenda mimi. Maneno yalikuwa yaleyale, mafupi, ya Kiswahili safi kisicho na kosa. Hakuna Kiingereza cha kukilaumu. Na yeye alikuwa amejibu ndiyo.

Alipiga tena. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Akaandika ujumbe, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakuusoma mara mbili kabla ya kuutuma: "Jeni, sikukuelewa. Nilidhani unasema wewe hukipendi Kiswahili kama ninavyokipenda mimi. Hukusema hivyo, najua sasa. Nakupenda wewe. Silinganishi na kitu."

Ukutani palikuwa na upepo wa ziwa. Wavuvi walikuwa wakiwasha taa zao kwenye mitumbwi, na kutoka misheni zilisikika sauti za watu wachache wakiimba masifu ya jioni, wakichelewa kila mmoja kwa wakati wake. Dorice alikaa juu ya jiwe mpaka baridi ikamwondoa. Ujumbe ulionekana umefika. Haukujibiwa.

Alirudi Mpanda na gari lilelile. Tangazo jipya lilisomwa. Yotham alimwambia baadaye kwamba Karema, Ikola na kwingineko watu walikuwa wamerudi kwenye visima, na ugonjwa ulipungua mvua zilipopungua, kama ambavyo huwa. Shirika la Dar es Salaam lilimwandikia kumshukuru kwa kusahihisha haraka. Hawakuuliza chochote, na yeye aliwaeleza yote katika jibu refu, pamoja na habari za mara ya tatu na ya nne. Walijibu kwamba wamepokea.

Kuanzia hapo alibadilisha jambo moja. Kila tangazo, kabla ya kulituma, alivuka nalo barabara hadi dukani kwa Zubeda na kulisoma kwa sauti mbele ya yeyote aliyekuwa pale. Mwanzoni wateja walicheka. Zubeda alimletea kigoda, akamwambia akae, kwa kuwa anayesoma amesimama anawatia watu wasiwasi kama anayesoma orodha ya waliofukuzwa kazi. Wasikilizaji hao walikuwa wakali kuliko alivyokuwa yeye na kalamu yake nyekundu. Alipoleta sentensi iliyosema kwamba maziwa ya mama ni zaidi ya chakula, fundi cherehani aliyekuwa amekuja kununua vocha aliuliza, "Kwa hiyo ni nini sasa, kama si chakula?" Dorice akafuta, akaandika kwamba maziwa ya mama ni chakula, na pia ni kinga.

Alikaa dukani nusu saa, pengine zaidi kidogo. Kisha wateja walizidi, akatoka njiani mwao na kurudi kwake, na nyumba ilikuwa vilevile.

Jeniffer aliandika baada ya siku nyingi. Ujumbe wake ulikuwa neno moja: "Nimeelewa." Dorice aliugeuza kila upande akitafuta maana ya pili, halafu akajikataza. Alimjibu akimuuliza alikuwa akiumwa nini, na nyumba aliyohamia ikoje, ina maji, ina jua. Majibu yalikuja kidogo kidogo, siku hadi siku, mengine yakiwa nusu Kiingereza. Dorice hakusahihisha hata moja. Kuna siku Jeniffer aliandika kwamba jiko la nyumba mpya ni zuri zaidi kuliko la zamani, na vidole vya mama yake vilitaka kuifuta ile "zaidi", si kwamba ni kosa kubwa, ila haina kazi. Aliandika tu, "Nafurahi."

Jumapili moja mchana, Jeniffer akapiga simu mwenyewe. Alikuwa akikata vitunguu, Dorice aliisikia sauti ya kisu. Alitaka kujua baba yake alikuwa akipenda kisamvu kipikwe vipi, na kama karanga hutangulia au nazi. Dorice alimweleza, polepole, akimsikia akirudia kila hatua. Waliongea juu ya kisamvu muda mrefu. Waliongea kidogo juu ya Fortunatus, na jinsi alivyokuwa akila amesimama mlangoni akiangalia barabara. Kisha mtu alimwita Jeniffer kwa jina upande wa pili, sauti ya mwanamume ambayo Dorice hakuijua, na hakuuliza.

"Umekula, mama?" Jeniffer aliuliza kabla ya kuaga.

"Nimekula," alisema Dorice.

Alipokata simu aliingia jikoni, akawasha jiko, akapima unga wa mtu mmoja.